Picha ya Pasipoti ya Kupakia Mtandaoni: Kwa Nini Hukataliwa na Jinsi ya Kuipiga Ikubalike

Chukua mfano wa msichana aliyepata nafasi katika chuo kikuu nchini Marekani. Barua ya chuo anayo, pasipoti anayo, na tarehe ya kuripoti imekaribia. Anaenda saiba kujaza fomu ya maombi ya viza, ile inayoitwa DS-160, na kwa muda wa saa nzima anajibu maswali yote bila tatizo. Anapofika kwenye picha, tovuti inaikataa. Anajaribu tena, inakataa tena. Picha yenyewe ni nzuri, ameipiga studio wiki hiyo hiyo, na amelipia nakala nne. Kosa liko wapi?

Makala haya yanafuata mfano huo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Masharti ya picha ya viza ya Marekani yameandikwa kwa vipimo vilivyo wazi, na mwombaji anayeyaelewa hatapata shida na tovuti nyingine zinazodai picha ya aina hii. Vipimo hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini yanayoharibu picha ni yale yale: sehemu ya nyuma, mwanga, umbali wa kamera, na jinsi picha ilivyokatwa.

Kosa la kwanza lilifanyika kwa mkasi

Watu wengi huamini kwamba "saizi ya pasipoti" ni moja duniani kote. Sivyo. Picha za viza za nchi nyingi za Ulaya huwa na upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45, na uso hujaza asilimia 70 hadi 80 ya urefu huo. Marekani inataka mraba, yaani upana sawa na urefu, na kichwa kijaze asilimia 50 hadi 69 tu ya urefu wa picha. Kichwa hupimwa kutoka ncha ya kidevu hadi juu kabisa ya kichwa, nywele zikiwemo.

Picha ya msichana wetu ilikatwa kwa kipimo cha milimita 35 kwa 45, na kichwa chake kina urefu wa milimita 34. Akitaka kuifanya mraba, upana alio nao ni milimita 35 pekee. Kichwa cha milimita 34 ndani ya mraba wa milimita 35 kinajaza karibu picha nzima. Ili kichwa hicho kiwe asilimia 60 ya picha, angehitaji mraba wa takribani milimita 57, na nafasi hiyo haipo tena. Ilibaki sakafuni pa studio pamoja na vipande vilivyokatwa.

Hapo ndipo watu huanza kubahatisha. Mmoja huivuta picha kwa upande hadi iwe mraba, na uso hutokea mpana kama uliopigwa ngumi. Mwingine huongeza rangi nyeupe pembeni kwa programu ya simu, na mstari wa kuungia huonekana. Picha hizo zote mbili hukataliwa, na ni haki zikataliwe, kwa kuwa sura iliyomo si sura halisi ya mwombaji.

Funzo la kwanza basi ni hili: picha iliyokwisha kubanwa haiwezi kupanuliwa, lakini picha pana inaweza kukatwa kwa kipimo chochote. Anayepigwa picha studio aombe faili nzima kabla haijakatwa. Ombi lenyewe ni jepesi: "Kaka, naomba uniwekee na ile picha nzima kwenye simu, usiikate." Akiwa na faili hiyo, mwombaji anaweza kutoa picha ya Marekani leo na ya Ulaya mwezi ujao, bila kulipa tena, mradi picha iwe imepigwa ndani ya miezi 6 iliyopita.

Sehemu ya nyuma: nyeupe, tupu, na mbali na mgongo

Sharti linasema nyuma pawe peupe au palipokaribia kuwa peupe, bila maua, mistari wala kitu chochote. Pazia la buluu au jekundu, ambalo studio nyingi huwa nalo, halifai kwa viza hii.

Nyumbani, shuka jeupe linatosha. Kwanza lipigwe pasi au livutwe hadi likaze, kwa sababu kila kunjo hutoka kwenye picha kama mstari wa kijivu. Likiwa jepesi kiasi cha kuonyesha ukuta ulio nyuma yake, likunjwe mara mbili. Linaweza kuning'inizwa kwa misumari miwili au kubanwa kwenye kamba ya nguo.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni nafasi kati ya mtu na shuka. Anayeegemea ukuta huacha kivuli chake juu ya ukuta huo, na kivuli hicho huonekana kando ya shingo au sikio kama doa jeusi. Asogee mbele karibu mita moja kutoka kwenye shuka. Kivuli kitaanguka chini sakafuni, nje ya picha.

Nguo nayo inahusika. Shati jeupe, kanzu nyeupe au blauzi ya rangi ya maziwa hupotelea kwenye shuka, na mtu huonekana kama kichwa kinachoelea. Nguo ya rangi iliyokolea ndiyo nzuri, mradi isiwe sare. Mavazi ya kidini yanayovaliwa kila siku yanakubalika.

Wapo wanaoona njia ya mkato: kupiga picha popote, kisha kufuta sehemu ya nyuma kwa programu na kuweka nyeupe. Ni huduma inayopatikana kwa urahisi, na madhara yake huonekana ukiikuza picha. Programu hula ncha za nywele, hukata kipande cha sikio, au huacha utepe mwembamba wa rangi ya zamani kuzunguka kichwa. Zaidi ya hayo, masharti yanakataza picha kurekebishwa kwa kompyuta kwa namna inayobadilisha mwonekano wa mtu. Kukata na kupunguza ukubwa kunaruhusiwa. Kulainisha ngozi, kufuta makovu, kuongeza weupe wa uso au kuchora upya nywele hakuruhusiwi. Kwa hiyo kipengele cha kurembesha uso, ambacho simu nyingi hukiwasha zenyewe, kizimwe kabla ya kupiga. Kipengele cha kufifisha sehemu ya nyuma kizimwe pia, kwa kuwa hufifisha masikio na nywele pamoja nayo.

Mwanga: shuka jeupe linavyoidanganya kamera

Simu haijui kama inatazama uso au shuka. Inachukua mwanga wote uliomo kwenye fremu na kujaribu kuufanya uwe wa wastani. Ikikuta shuka jeupe limejaa kila upande, huona mwanga umezidi na kuupunguza. Shuka hugeuka kijivu na uso hutiwa giza. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi matokeo ni mabaya zaidi: macho hayatofautiki na kope, na mpaka kati ya nywele na paji la uso hupotea. Mashine inayokagua picha hushindwa kupata mahali macho yalipo, na hukataa.

Dawa yake ni rahisi. Anayepiga picha aguse uso wa mtu kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Simu nyingi huonyesha alama ndogo ya jua kando ya mahali palipoguswa. Alama hiyo isukumwe juu polepole hadi uso uonekane vizuri na shuka lirudie weupe wake. Ikisukumwa kupita kiasi, mashavu huanza kung'aa kama karatasi. Hapo irudishwe chini kidogo.

Mwanga bora ni wa kivulini, unaotoka mbele. Kenya iko kwenye ikweta, na karibu mwaka mzima jua la saa sita mchana huwa juu ya utosi. Anayepigwa picha uwanjani saa hiyo hupata vivuli vitatu: ndani ya macho, chini ya pua na chini ya kidevu. Taa ya darini usiku huleta vivuli hivyo hivyo. Mahali pazuri zaidi ni varanda, mtu akiwa chini ya kivuli cha paa na uso wake ukitazama uwanja ulio wazi, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi au saa kumi alasiri. Shuka liwe ukutani nyuma yake. Asipatikane na miale ya jua moja kwa moja, hata kwenye bega moja.

Asiyekuwa na varanda asimame ndani ya nyumba, ametazama dirisha kubwa au mlango ulio wazi, na mpiga picha asimame upande wa dirisha. Ikiwa shavu moja lina giza kuliko jingine, ageuke na kiti chake hadi mashavu yote mawili yalingane. Ikiwa chini ya kidevu bado kuna giza, ashike karatasi nyeupe ya manila mapajani, nje ya fremu. Karatasi itarudisha mwanga juu.

Rangi za jirani nazo ni za kuangaliwa. Turubai la buluu, mabati ya kijani au ukuta uliopakwa rangi kali humwaga rangi yake usoni. Mtu akitoka na shavu la kijani, tatizo si simu, ahame hapo. Flashi izimwe, maana huacha doa jeupe kwenye paji la uso lenye jasho au mafuta. Kupangusa uso kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga kunasaidia kuliko kurekebisha baadaye.

Umbali na mkao

Selfi haifai. Mkono ukinyooshwa, simu huwa karibu sana na uso, na kilicho karibu na kamera hukua. Pua huongezeka, masikio hurudi nyuma, na uso hautafanana na ule utakaotokea mbele ya afisa siku ya mahojiano. Mtu mwingine ashike simu akiwa umbali wa takribani mita moja na nusu, au simu iwekwe juu ya kitu thabiti na kupigwa kwa kipima muda.

Simu iwe wima, na kamera ilingane na macho ya anayepigwa. Ikishikwa chini, matundu ya pua huonekana na paji la uso hupungua. Ikishikwa juu, kidevu hufifia. Mtu mrefu akipigwa na mtoto, akae kwenye kiti. Fremu ichukue kuanzia chini ya kiuno hadi nafasi kubwa juu ya kichwa. Mtu ataonekana mdogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa picha itakatwa baadaye. Zuumu isitumike.

Uso utazame kamera moja kwa moja, usiinamishwe upande. Macho yote mawili yawe wazi, mdomo umefungwa, bila kucheka wala kukunja uso. Zipigwe picha 10 au zaidi mfululizo, kwa sababu kope hufumba bila mtu kujua.

Miwani haikubaliwi kwenye picha za viza ya Marekani tangu Novemba 2016, hata kama mtu huivaa kila siku. Asiyeweza kuivua kwa sababu ya matibabu ya macho anahitaji barua iliyotiwa sahihi na daktari. Vifaa vya masikioni vitolewe. Hijabu, kilemba cha Akorino na mavazi mengine ya kichwa yanayovaliwa kila siku kwa sababu za dini yanaruhusiwa, lakini uso mzima uonekane na kitambaa kisitupe kivuli juu yake. Kwa kawaida kivuli hicho huanguka kwenye paji la uso. Kusukuma kitambaa nyuma kidogo na kuketi mbele ya mwanga unaotoka usawa wa macho hukiondoa. Nikabu inayofunika uso haikubaliwi.

Mtoto mchanga alazwe chali juu ya shuka jeupe lililokazwa, na apigwe kutoka juu karibu na dirisha. Mkono wa mama usionekane kumshika kichwa, wala kinyonya mdomoni. Kivuli cha mpiga picha kisimwangukie.

Kukata picha: hesabu ya mara moja

Sasa msichana wetu ana picha mpya aliyopigwa na kaka yake varandani. Simu ya kaka ina kamera ya megapikseli 12, na picha yake ina pikseli 3,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu. Pikseli ni vinukta vidogo vinavyounda picha. Kadiri vilivyo vingi ndivyo picha inavyoweza kukatwa bila kuharibika.

Kwenye picha hiyo, kichwa chake kutoka kidevu hadi juu ya nywele kina pikseli 480. Anataka kichwa kijaze asilimia 60, ambayo iko salama kati ya 50 na 69. Anagawa 480 kwa 0.6 na kupata 800. Basi mraba wake uwe wa pikseli 800 kila upande.

Kuna sharti la pili ambalo wengi hawalijui. Macho lazima yawe kati ya asilimia 56 na 69 ya urefu wa picha, ukipima kutoka chini. Anachagua asilimia 62. Asilimia 62 ya 800 ni 496, kwa hiyo ukingo wa chini wa mraba unapaswa kuwa pikseli 496 chini ya macho. Macho huwa karibu katikati ya kichwa, hivyo juu yake kuna pikseli 240 za kichwa na juu ya nywele panabaki nafasi ya pikseli 64. Kichwa hakijagusa ukingo, na mabega yanaonekana.

Tovuti inakubali mraba wa pikseli 600 kwa 600 hadi 1,200 kwa 1,200. Mraba wa 800 ungepita. Hata hivyo anaupunguza hadi 600, kwa sababu itakayoelezwa hapa chini. Kichwa sasa kina pikseli 360 na macho yako 372 kutoka chini. Asilimia hazijabadilika.

Asiyependa hesabu hii anaweza kutumia rula ya shule. Picha iliyokatwa mraba ifunguliwe kwenye simu na kukuzwa au kupunguzwa hadi upana wake uwe sentimita 6 kamili kwenye kioo. Kichwa kiwe na urefu kati ya sentimita 3 na sentimita 4 na milimita 1. Macho yawe kati ya sentimita 3 na milimita 4, na sentimita 4 na milimita 1, kutoka ukingo wa chini. Vipimo hivi ni asilimia zile zile, na ndiyo maana vinafanya kazi kwenye kioo cha simu yoyote.

Mwenye nywele zilizorundikwa juu ya kichwa aangalie jambo moja. Kwa kuwa nywele huhesabiwa, uso wake utalazimika kuwa mdogo ili kichwa kizima kisipite asilimia 69, na macho yatashuka chini kwenye picha. Kuzifunga nywele nyuma ya shingo siku hiyo kunaondoa tatizo hilo lote.

Uzito wa faili: usizidi, na usipungue mno

Faili iwe ya aina ya JPEG, ya rangi, na isizidi kilobaiti 240, ambazo kwenye simu huandikwa 240 KB. Picha iliyotoka kwenye kamera ya simu inaweza kuwa mara kumi ya hapo au zaidi. Inapokataliwa kwa uzito, kwa kawaida mtu huitafutia programu ya kuibana kwa nguvu. Hapo anaingia kosa la pili, kwani sharti jingine linasema picha isibanwe zaidi ya mara 20.

Maana yake ni hii. Mraba wa pikseli 600 kwa 600 wa rangi, kabla ya kubanwa, una baiti 1,080,000. Ukigawa kwa 20 unapata takribani kilobaiti 54. Faili iliyo chini ya hapo imebanwa kupita kiasi, na ukiikuza utaona vijisanduku kwenye mashavu na ukungu kuzunguka nywele. Kwa hiyo mraba wa 600 una nafasi pana: kati ya kilobaiti 54 na 240. Mraba wa 1,200 kwa 1,200 una baiti mara nne zaidi, na kiwango chake cha chini ni takribani kilobaiti 216. Nafasi iliyobaki hadi 240 ni finyu sana. Ndiyo sababu msichana wetu alichagua 600. Aanze kupunguza pikseli, kisha ndipo aangalie uzito. Mara nyingi hatahitaji kubana tena.

Njia ya kuituma picha nayo ni muhimu. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, huweza kufika ikiwa na pikseli takribani 1,200 kwa 1,600 tu. Kichwa kilichokuwa na pikseli 480 kinabaki na 192, na mraba unaotoka hapo ni wa pikseli 320. Hautoshi, na ukikuzwa hadi 600 utakuwa na ukungu. Kaka aitume kama dokumenti, yaani kwa Document badala ya Gallery, au ahamishe kwa waya au barua pepe. Kupiga picha ya kioo cha simu, au kupiga picha ya picha iliyochapishwa, ni marufuku ya kujiwekea mwenyewe. Mwenye nakala ya karatasi ya sentimita 5.1 kwa 5.1 aiskani kwa pikseli 300 kwa kila inchi, na atapata 600 kwa 600.

Simu za iPhone mara nyingi huhifadhi picha kwa aina ya HEIC, na tovuti huikataa. Kubadilisha jina la faili ili limalizikie na .jpg hakubadilishi kilichomo ndani. Mwenye simu aingie Settings, kisha Camera, kisha Formats, achague Most Compatible kabla ya kupiga.

Kuitambua sababu picha ikikataliwa

Tovuti ikikataa, mwombaji asibofye tena picha ile ile. Kwanza atazame maelezo ya faili: aina, pikseli na uzito. Hivyo vitatu vikiwa sawa, tatizo liko ndani ya picha yenyewe, na linaweza kuonekana kwa macho.

Aikuze hadi macho yajae kioo. Kama haoni mpaka kati ya mboni na weupe wa jicho, mwanga ulikuwa mdogo au picha ina ukungu. Kisha atazame mashavu: yasipolingana, mwanga ulitoka upande mmoja. Kisha azunguke kichwa na mabega: kijivu upande mmoja ni kivuli, mistari ni makunjo ya shuka, na utepe wa rangi ni kazi ya programu. Mwisho apime kwa rula. Kosa la kukata linarekebishwa kwa kukata upya kutoka kwenye picha pana. Kosa la mwanga au la nyuma linarekebishwa kwa kupiga upya.

Picha iwe tayari kwenye simu au flashi diski kabla ya kufungua fomu ya DS-160, kwa kuwa fomu hujifunga ikiachwa takribani dakika 20 bila kuguswa. Namba ya maombi inayotolewa mwanzoni iandikwe kwenye karatasi, ili mtu aweze kurudi alipoachia.

Mashine ikikubali, kazi haijaisha. Afisa wa ubalozi bado ana uamuzi wa mwisho, na anaweza kudai picha nyingine siku ya mahojiano. Mwombaji autazame ukurasa wa uthibitisho kabla ya kutoka saiba. Picha yake ikiwa pale, ilipokelewa. Mahali pake pakiwa na alama ya X, haikupokelewa, na lazima abebe picha moja iliyochapishwa, ya sentimita 5.1 kwa 5.1, pamoja na ukurasa huo anapoenda Nairobi. Anayetoka kaunti za mbali afadhali abebe nakala hiyo hata kama picha yake ilipita, kwa kuwa safari ya kurudi nyumbani kutafuta picha ni ghali kuliko nakala yenyewe.

Msichana wetu aliipakia picha ya varandani, na ikapita mara ya kwanza. Ile pana, yenye shuka, kamba ya nguo na ndoo iliyojitokeza pembeni, ameihifadhi kwenye barua pepe yake. Chuo nacho kikitaka picha ya kitambulisho, chenye vipimo vyake, ataikata kutoka hapo hapo.